Mteremko wa grafu ya glukosi ni k1 au siyo? Naombeni msaada

Kijana_wa_Nyegezi: Wakuu, habari za jioni. Jana maabara hapa Mwanza tuliyeyusha alfa-glukosi gramu 10, tukajaza maji hadi mililita 100. Joto 25°C, mrija wa polarimita sentimita 10. Pembe ilianza 11.2. Mwenzangu aliacha mrija wake usiku kucha, asubuhi ukasoma 5.3, yaani alfa 36%, beta 64%. Nikichora ln(pembe − 5.3) dhidi ya muda napata mstari ulionyooka, mteremko −0.025 kwa dakika. Nikaandika kasi ya alfa kugeuka beta, k1 = 0.025. Sasa nusu-muda wake ni dakika 28, lakini dakika hiyo alfa bado ni 68%, siyo 50%. Nakosea wapi?

Sato_Kirumba: Mwanzoni beta haipo, kwa hiyo hakuna kinachorudi. Kasi ya mwanzo ni ya k1 peke yake. 0.025 yako iko sawa, kagua upimaji.

Mama_Asali: Mimi nauza asali Buzuruga. Ikikaa inaganda, wateja wanasema nimetia sukari. Ndiyo hiyo glukosi yenu?

Mzee_wa_Bureti: Mama, glukosi ndiyo, ila hiyo ni fuwele tu. Iweke ndoo kwenye maji ya vuguvugu, itayeyuka.

Sato kapatia nusu. Kasi ya mwanzo kweli ni ya k1. Ila kijana, grafu yako haipimi alfa yote 100, inapima pengo lililobaki hadi mwisho, nalo ni 64 tu. Ikipungua alfa 1.6 kwa dakika, gawanya kwa 64, unapata 0.025 yako. Kila alfa inapopungua, ya kwenda inapoa na ya kurudi inapata nguvu. Zote mbili zinafupisha pengo, ndiyo maana k1 na k2, ile ya beta kurudi alfa, zinajumlishwa:

```
k1 + k2 = 0.025
k1 / k2 = 64/36
k1 = 0.016, k2 = 0.009
tau = 1/(k1 + k2) = dakika 40
```

Dakika 28 ni za pengo kubaki nusu: 36 + 32, ndiyo 68 yako. Ukianza na beta tupu, pembe itapanda kutoka 1.9, na tau itakuwa ile ile 40.

Kijana_wa_Nyegezi: Duh! Ndiyo maana mrija wangu uligoma. Nilisubiri dakika 90, nikasoma 5.9, nikaifanya ya mwisho. Mstari ukainama mkiani.

Mzee_wa_Bureti: Dakika 90 ni tau mbili na robo, pengo bado lina kama 10%. Subiri 200 angalau. Na vyombo visuuzwe vizuri, mabaki ya asidi au amonia yanaharakisha.

Sato_Kirumba: Sawa mzee, nimekubali. Ila mchana maabara ikipanda hadi 29°C, hiyo 40 itabaki?

Mzee_wa_Bureti: Haibaki, itapungua. Kijana, mchana ulisoma kipimajoto?

Kijana_wa_Nyegezi: Asubuhi tu, mzee.