Mrejesho: ripoti ya uchunguzi kifani wa kiwanda cha mikate

Swali langu lilikuwa: "Ripoti yangu inasimulia kiwanda tangu kuanzishwa, mhadhiri anasema haoni uamuzi. Niipangeje?"

Wakuu, asanteni. Nilifuata ushauri wa kuanza na tatizo kwa sentensi moja: mikate inafika madukani baada ya saa 2 asubuhi, wateja wa chai wameshapita. Historia yote niliyokuwa nimeitanguliza ilihamia kwenye kiambatisho, na uchambuzi ukabaki na jambo moja tu, kwa nini gari linachelewa.

Njia zilikuwa tatu: kununua kirikuu, kukodi gari kwa mkataba, au bajaji. Jedwali la maamuzi nililipa uzito huu: gharama 40%, uhakika wa kuwahi 40%, urahisi wa kusimamia 20%. Kila njia ilipata alama 1 hadi 5 kwa kila kigezo. Kukodi kulipata 3, 4 na 4, yaani 1.2 + 1.6 + 0.8 = 3.6. Bajaji 3.4, kununua 3.2.

Mpangilio ulikubaliwa, ila jedwali lilinikata alama. Mhadhiri alibadilisha uzito, gharama 50% na uhakika 30%, bajaji ikapanda hadi 3.7 na kukodi kukashuka 3.5. Akauliza, 40% imetoka wapi? Kwenye marudio uzito nimeufunga kwenye uchambuzi: mauzo yanapotea kwa kuchelewa, kwa hiyo uhakika 50%, gharama 30%. Kukodi sasa 3.7, kununua 3.5, bajaji 3.1. Pendekezo limepita.