Barua ya kuomba ukeshia wa benki: nipeleke ipi kati ya hizi mbili?

Mlandizi_Mtulivu
Wanajukwaa, salaam. Ninaomba kazi ya keshia katika benki moja, na nimeandaa barua mbili zinazotofautiana katika aya ya katikati tu. Mwisho wa kupokea maombi ni Ijumaa.

Ya kwanza inasema: "Nina uzoefu wa miaka miwili wa kupokea, kuhesabu na kutunza fedha taslimu, na ninazifahamu vema taratibu za dirishani."

Ya pili inasema: "Sijawahi kufanya kazi katika benki. Hata hivyo ni mwaminifu, makini na hodari wa hesabu, na niko tayari kufundishwa."

Ipi ina nafasi zaidi?

Ngarenaro
Peleka ya kwanza bila kusita. Barua zinafika kwa mamia, na anayeanza kwa kusema hajawahi kufanya kitu amekwisha kujiondoa mwenyewe. Mengine utayaeleza ukiitwa.

Kitabu_cha_Stoo
Ndugu Mlandizi, umetuuliza tuchague huku umetuficha jambo lenyewe. Hiyo miaka miwili uliipatia wapi, na fedha zilikuwa za nani? Tangazo linadai uzoefu au halidai? Na yuko mtu anayeweza kuthibitisha unayoyasema akipigiwa simu?

Mlandizi_Mtulivu
Samahani, nilidhani hayo si ya lazima. Nina stashahada ya uhasibu, na tangazo linasema uzoefu utakuwa nyongeza, si sharti. Hiyo miaka miwili nimekuwa mhesabu fedha wa kikoba chetu cha mtaani, kwa kujitolea. Mwenyekiti wa kikoba anaweza kunithibitisha.

Mama_Dirisha_la_Tatu
Mdogo wangu, kwa maelezo hayo barua ya kwanza inasema uongo katika sehemu moja tu, lakini ndiyo sehemu itakayoulizwa. Kuhesabu fedha umehesabu kweli. Taratibu za dirishani huzifahamu, na hakuna aliyekutarajia uzifahamu.

Nilikaa dirishani miaka mingi, kisha nikawa msimamizi wa makeshia na kushiriki katika usaili. Alikuja kijana mmoja ambaye barua yake ilikuwa na maneno yanayokaribia sana hayo yako. Tukamuuliza swali dogo: ukifunga siku ukakuta fedha zimezidi 20,000 kuliko hesabu, utafanyaje? Akajibu kwa kujiamini kwamba ataziweka kando ndani ya droo, ili siku zitakapopungua azitumie kuziba pengo. Aliamini kabisa kwamba anatuonyesha uangalifu. Asichokijua ni kwamba ziada ni fedha ya mtu, pengine mteja aliyelipwa pungufu saa nne asubuhi, na keshia anatakiwa kuitaja kwa msimamizi siku hiyohiyo, iandikwe peke yake, kisha hati za siku zipitiwe moja moja. Anayeficha ziada leo ataficha upungufu kesho, na msimamizi hatajua tena droo ina nini. Angekuwa ameandika kwamba hajawahi kukaa dirishani, tungemsamehe jibu lile na kumfundisha. Kwa kuwa alidai kuzifahamu taratibu, tulibaki na maswali mawili: hajui, au ndivyo alivyozoea kufanya?

Barua ya pili nayo haina uongo, ila haina kitu. Mwaminifu, makini, hodari: hata mwizi angejiandikia hivyo. Je, kuna siku yoyote fedha na daftari vilikataana, nawe ukiwa mhesabu? Tueleze ilivyokuwa, kwa tarakimu.

Mlandizi_Mtulivu
Ipo, mama. Katika mkutano mmoja daftari la katibu lilionyesha tumepokea 612,000, lakini mezani palikuwa na 603,000: noti za elfu kumi 48, za elfu tano 19, za elfu mbili 11 na za elfu moja 6. Tuko wahesabu wawili, kwa hiyo tulibadilishana mafungu na kuhesabu upya, tukapata 603,000 ileile. Hapo nilianza kulinganisha daftari na vijitabu vya wanachama, nikakuta rejesho la 12,000 limeandikwa 21,000. Katibu akasahihisha mbele ya wote kabla sanduku halijafungwa. Sikudhani jambo dogo kama hilo linafaa kuandikwa.

Hesabu_Haidanganyi
Usingehitaji kupitia vijitabu vyote. Tofauti ikigawanyika kwa 9 bila baki, basi ni lazima tarakimu mbili zimebadilishana nafasi. Andika kanuni hiyo katika barua, wataona unajua hesabu.

Mama_Dirisha_la_Tatu
Hiyo ni dalili nzuri ya kuanzia, lakini si "lazima". Aliyepokea 1,000 akaandika 10,000 naye amezaa tofauti ya 9,000, na hakuna tarakimu iliyobadilishana nafasi. Vivyo hivyo kama noti za 9,000 zimeanguka chini ya meza. Kilichomaliza ubishi ni kijitabu cha mwanachama, si kugawanya kwa 9, kwa hiyo barua itaje kijitabu.

Mimi ningeiandika aya hiyo hivi:

"Sijawahi kufanya kazi katika benki. Kwa miaka miwili nimekuwa mmoja wa wahesabu fedha wawili wa kikoba, ambapo fedha zote huhesabiwa mara mbili mbele ya wanachama, na sanduku lina kufuli tatu ambazo funguo zake hushikwa na watu tofauti. Katika mkutano mmoja daftari lilizidi fedha kwa 9,000. Tulihesabu upya kwa kubadilishana mafungu, kisha nikalinganisha daftari na vijitabu, nikakuta rejesho la 12,000 limeandikwa 21,000, na kosa likasahihishwa mbele ya wanachama kabla ya kufunga sanduku. Mwenyekiti wa kikoba yuko tayari kuthibitisha."

Hakuna neno "uaminifu" humo, na msomaji atalitia mwenyewe. Kama kufuli zenu si tatu, badilisha.

Mlandizi_Mtulivu
Ni tatu, mama, ila ufunguo mmoja umepotea tangu mwaka jana na kufuli hilo haliwekwi.

Mama_Dirisha_la_Tatu
Basi andika mbili.

Kijana_wa_Floti
Na mimi nimejifunza. Nimemsaidia mjomba kwenye kibanda chake cha uwakala wa fedha za simu. Je, naweza kuandika kwamba nilikuwa keshia?

Kitabu_cha_Stoo
Kaka, andika kwamba ulimsaidia wakala, kisha eleza ulichokuwa ukikifanya jioni. Mlipoanza na taslimu 800,000 na floti 1,200,000, mteja akiweka, taslimu hupanda na floti hushuka. Akitoa, huwa kinyume chake. Kabla ya kamisheni, jumla inapaswa kubaki 2,000,000. Kama ulikuwa ukiilinganisha jumla hiyo kila siku na kuandika tofauti, sema hivyo. Kama mjomba ndiye aliyekuwa akilinganisha, usiseme.

Ngarenaro
Bado sikubali kuanza na "Sijawahi". Sentensi hiyo ihamie mwisho wa aya, baada ya msomaji kuona kazi. Pia, katibu wa watu amekosea, nanyi mnampeleka benki?

Kitabu_cha_Stoo
Katibu hakutajwa jina, wala kikoba chenyewe. Hata hivyo ningemwomba mwenyekiti ruhusa kwanza, maana mambo ya sanduku ni ya wanachama. Kuhusu "Sijawahi", ningeiacha mwanzoni.

Mlandizi_Mtulivu
Nitamwona mwenyekiti kesho jioni. Swali jingine: nilipata C ya Hisabati kidato cha nne. Niitaje katika barua, au niiache ionekane katika cheti?

Hesabu_Haidanganyi
Itaje. C ya Hisabati si haba.

Mama_Dirisha_la_Tatu
Iache katika cheti. Zile 48, 19, 11 na 6 zinaeleza zaidi, na zinajumlishika.

Ngarenaro
Mama, hizo noti humo katika aya yako hazimo.