MREJESHO: mapigo ya moyo usiku na saa ya mkononi

Swali langu lilikuwa: "Natafuna miraa jioni na chai ya rangi juu, saa inasoma mapigo 92 nikiwa nimelala, saa mbovu au mimi?"

Wadau, saa haikuwa mbovu. Nilishika mshipa wa mkono nikahesabu sekunde 30 mara mbili, nikapata 90, ikawa basi.

Wiki ya kwanza niliacha tu kahawa chungu na sturungi baada ya saa nane mchana, miraa nikaendelea nayo kama kawaida, mapigo yakashuka kidogo sana, 87 hivi. Wiki ya pili nikaacha miraa yenyewe, siku tatu za mwanzo kichwa kizito na usingizi wa mchana kweupe nikaogopa, ila kufika siku ya tisa usiku inasoma 69. Kwangu basi miraa ndo ilikuwa inasukuma zaidi, na chai niliyokuwa nashushia ilikuwa inaongezea tu, maana kafeini ya jioni usiku wa manane bado nusu yake iko mwilini.

Kitu kimoja muangalie sana. Saa ilikuwa inaniandikia nimelala masaa sita wakati mimi nimelala chali macho kwenye neti, handasi ya miraa inanifanya nitulie kimya, nayo inadhani ni usingizi. Kwa hiyo masaa usiyaamini, angalia mapigo.

Presha nilipimwa zahanati, 148 kwa 94, narudi wiki ijayo kupimwa tena.