Mrejesho: tangazo la kuwanoa wahitimu, Dodoma

Niliuliza: “Mimi ni mhasibu hapa Dodoma. Nataka kuwanoa wahitimu wachache bure. Tangazo niliandikeje nisifurikiwe na wanaotafuta kazi?”

Wakuu, asanteni sana. Nilifuata ushauri wa kuweka mipaka: Jumamosi saa 4 asubuhi hadi saa 6 mchana, miezi miwili, nafasi nne, mada mbili tu, yaani barua ya maombi na usaili wa uhasibu. Na kwa herufi kubwa: SINA KAZI YA KUTOA. (Bado wapo waliouliza mshahara.)

Kilichosaidia zaidi ni kutodai wasifu. Mwombaji alichagua tangazo moja lililo hai kwenye Ajira Portal, akaliandikia barua ya ukurasa mmoja. Wengi walituma barua ya jumla isiyotaja hata cheo kinachoombwa. Binti mmoja wa Nkuhungu alishika majukumu yaliyo kwenye tangazo, moja baada ya jingine, akaeleza alivyofanya usuluhisho wa benki, yaani kulinganisha vitabu na taarifa ya benki, akiwa mafunzoni, na hundi ambazo hazijalipwa alizozibaini. Huyo sikujiuliza mara mbili.

Kilichogoma ni wale wa Kondoa na Singida, tuliofanya kwa simu. Usaili wa majaribio unataka kuonana uso kwa uso, wawili wameacha. Awamu ijayo nachukua wanaoweza kufika mjini.