Mrejesho: nimehama Nkuhungu

Niliuliza: "Nahama baada ya miaka kumi. Nimuage vipi mwenye nyumba aliyenitendea wema hivi?"

Wadau, nimeshahama. Nikifunga vyombo nikakuta daftari la kodi nyuma ya kabati, limejaa mwandiko wa mzee: "nimepokea". Serikali ilipotangaza mwaka 2016 kuhamia Dodoma, vyumba mtaani vilipanda bei, wenzangu wakadaiwa kodi ya mwaka mzima kwa mkupuo. Mimi akaniambia, "Lipa mwezi kwa mwezi kama zamani, mwanangu." Nilipojifungua, wakati maji ni ya mgawo, mkewe alinijazia pipa langu kabla ya lake. Hilo silisahau.

Nilifanya mlivyoshauri: nikapaka rangi upya, nikalipa bili ya maji, nikaacha yuniti kwenye Luku. Mzee akakagua, akacheka: "Umepaka mpaka swichi!" Kitenge cha mama kimepokelewa kwa vigelegele. Bahasha ya hela mzee kairudisha, tena na debe la karanga juu yake, eti watoto watafune njiani.

Chumba keshakipata mwalimu mgeni. Nimeuliza kodi: ileile.