Nguzo ya zege yenye nondo: mkazo wa kila kimoja naupataje?

dogo_wa_stracha: Wakuu naombeni msaada, nguzo fupi ya 300 kwa 300 mm ina nondo 4 za milimita 20, mzigo 800 kN umekaa katikati kabisa. Nimegawa mzigo kwa eneo lote nikapata 8.9 N/mm² nikaandika ndo mkazo wa zege na wa nondo, ticha kakata. E ya chuma tumepewa 200 GPa, ya zege 25. Nakosea wapi?

kaka_ringi: Chuma ni kigumu mara 8 kuliko zege, so mzigo unagawanywa 8 kwa 1. Nondo 711 kN, zege 89, basi.

mama_saiti: Hapana kaka, hiyo 8 ni sahihi ila umeipachika siko. Nondo nne zina 1257 mm² tu, ukizitwisha 711 kN mkazo unafika 566, na nondo ya 460 hapo ishalegea zamani. Dogo, anzia kwenye kufupika. Nondo na zege vimeshikana, nguzo ikibonyea kidogo vyote vinabonyea sawasawa, kwahiyo *mkazo* wa nondo ndo unakuwa mara 8 ya ule wa zege, ila mzigo unategemea na eneo pia. Toa nondo kwenye 90000 zege inabaki 88743, halafu zihesabu nondo kama zege mara 8:

```
88743 + 8 x 1257 = 98799 mm²
zege:  800000 / 98799 = 8.1 N/mm²
nondo: 8 x 8.1 = 64.8 N/mm²
```

Hakikisha kwa kurudisha kwenye mzigo: zege 719 kN, nondo 81, jumla 800. Isipotimia kuna mahali umeteleza.

dogo_wa_stracha: Asante sana dada! Kumbe nondo zinabeba asilimia 10 tu?

mama_saiti: Siku ya kwanza. Zege likikaa na mzigo miaka linaendelea kufupika polepole, nondo zinagoma, mzigo unahamia kwao. Ukichukua 24 badala ya 8 zege linashuka mpaka 6.7 na nondo zinapanda mpaka 161, na mzigo ni uleule.

juma_wa_geti: Na mimi nina bomba la chuma la mita 3 nimelijaza zege, linabeba boriti ya baraza. Juu zege limenywea kama milimita 1, sahani imekalia bomba peke yake. Hesabu ni hiyohiyo?

mama_saiti: Hapo bado, zege halijaguswa. Bomba lazima kwanza lifupike hiyo milimita, yaani 1/3000 mara 200000, kama 67 N/mm² likiwa peke yake, ndo zege lianze kusaidia. Jaza huo mwanya kwa graut.

kaka_ringi: Ila zege si limegandia ukuta wa bomba kwa ndani? Si litapokea mzigo kupitia hapo?

mama_saiti: Kiasi fulani labda, ila limenywea, pengine limeachia. Juma, gongagonga bomba na nyundo kuanzia juu kwenda chini, utuambie linalia wazi mpaka wapi.