Naomba ushauri: vizio vilikubali, jibu likawa na kosa

Asalaam aleikum ndugu zangu, niko Lamu. Swali: mizigo m1 na m2 imening'inia pande mbili za kapi (kama lile la kupandishia tanga, ila hili halina msuguano). Kani ya kamba nilipata T = m1·m2·g/(m1+m2). Vizio vikatoa newtoni. Nikaweka m2 = 0, T ikawa sifuri, sawa. Nikawasilisha. Kumbe nimeangusha 2 juu! Ningejaribu m1 = m2 = m ningepata mg/2, ilhali mizigo iliyolingana haiongezi mwendo, kwa hiyo kamba lazima ibebe mg. Kurudisha jibu kwenye T − m2·g = m2·a pia kungenifichua, lakini hunila muda. Nyinyi huanza na ukaguzi upi?